Kitabu cha kusomewa hupimwa kwa mdomo

Wifi yangu anaishi Uyole, Mbeya, na mwezi wa Juni Uyole si mahali pa kukaa barazani baada ya saa moja jioni. Watoto wake watatu walikuwa wamejibana kitandani chini ya blanketi moja: wa miaka miwili, wa minne na nusu, na wa saba. Yeye alikuwa ameketi pembeni, taa ya sola imening'inia kwenye msumari, kitabu mkononi. Nikawa nasikiliza nikiwa mlangoni. Kufika ukurasa wa tano yule mdogo alishateremka kitandani, anahangaika na soksi za kaka yake. Ukurasa wa tisa yule wa katikati akauliza, "Mama, imeisha?" Ukurasa wa kumi na mbili wifi akakifunga.

"Unaona, wifi," akaniambia. "Hawa wangu vitabu hawavipendi. Wao katuni tu."

Nikakiomba kile kitabu. Hakikuwa kibaya hata kidogo. Kurasa 32, picha safi, hadithi ya binti aliyetumwa kisimani akachelewa kurudi. Jalada lilisema kinafaa watoto wa miaka 4 hadi 8, kwa hiyo mtu akifuata jalada alikuwa amechagua sawasawa. Alichokosa ni kipimo, na kipimo hicho jalada haliwezi kukupa.

Tukakipima usiku uleule, watoto wameshalala. Kurasa zenye maandishi zilikuwa 26. Nikachukua mmoja wa katikati, maana ukurasa wa kwanza hudanganya, mara nyingi una sentensi moja tu. Ulikuwa na maneno 62. Nikamwomba wifi ausome kwa sauti vilevile alivyokuwa akiwasomea watoto, aonyeshe picha, afunue ukurasa unaofuata, mimi nimewasha saa ya kupimia kwenye simu. Sekunde 50. Zidisha kwa 26, unapata sekunde 1,300, karibu dakika 22. Hizo ni dakika za msomaji aliye peke yake. Ukiwa na watoto watatu wanaouliza kwa nini binti hakuvaa viatu, ongeza nusu yake. Wifi alikuwa anajaribu kuwakalisha watoto wake zaidi ya nusu saa, na mdogo kabisa ana miaka miwili.

Kwa watoto niliowasomea mimi, na wamekuwa wengi, wa miaka miwili hukupa dakika tatu, akikupenda sana tano. Wa minne hufika nane au kumi kama kuna kitu cha kuitikia. Wa saba anaweza kukaa robo saa na akataka uendelee. Si sheria, kuna wa miaka mitatu anayekaa kama mzee wa baraza na kuna wa saba asiyetulia. Lakini ukipata kitabu kinachotaka dakika 30 na msikilizaji mwenye dakika nne, usimlaumu mtoto.

Sasa hilo la jalada. Umri unaoandikwa kwenye vitabu vya watoto unaweza kuwa unasema mambo mawili tofauti, na mara nyingi hauambiwi ni lipi. Kuna umri wa mtoto anayesoma mwenyewe, na kuna umri wa mtoto anayesomewa. Pengo kati yake ni kubwa. Mtoto wa darasa la kwanza anahangaika kuunganisha "ba" na "ta" lakini ukimsimulia kisa cha fisi aliyedanganywa na sungura anakielewa chote, na kesho anamsimulia jirani. Masikio yake yametangulia macho yake kwa miaka kadhaa.

Ndiyo maana kitabu cha pili tulichokikuta kwa wifi kilikuwa kimemchosha yule wa miaka saba. Kilikuwa kitabu cha kujifunzia kusoma, cha aina ile iliyojaa madukani tangu mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, uanze kwa madarasa ya chini mwaka 2015. Sentensi zake zimejengwa kwa silabi ambazo mtoto ameshafundishwa: huyu ana kikombe, kikombe ni chake, anakunywa maji. Kwa kazi yake ni kitabu kizuri, mtoto anakisoma kwa mdomo wake mwenyewe na kila neno analolishinda ni ushindi. Ila ukimsomea wewe, hakuna kinachobaki. Shida yote ya kile kitabu iko kwenye kusoma, ukimwondolea kusoma umemwondolea kitabu. Wifi alikinunua kwa sababu jalada liliandikwa darasa la pili na mwanawe yuko darasa la pili. Sijui mzazi gani angefikiri vingine.

Ukienda stesheneri za Mwanjelwa au za mjini Iringa utakuta rafu nzima ya aina hiyo, na hadithi za kusomewa zikiwa chache pembeni, zimechanganywa na vitabu vya kupaka rangi. Zitofautishe kwa kufungua katikati na kusoma sentensi mbili kwa sauti ya chini hapohapo dukani. Ikiwa hujisikii kubadili sauti hata kidogo, hicho si cha kusomea mtu.

Kwa urefu, wengine wameanza kutegemea hadithi za bure za mtandaoni, na ni jambo jema, maana kitabu kimoja cha rangi kinaweza kula hela ya mboga ya siku kadhaa. African Storybook, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi nyingi za Kiswahili. StoryWeaver ya Pratham Books wa India ilifuata mwaka 2015. Huyu wa India anapanga hadithi kwa ngazi nne na anatumia hesabu ya maneno: ngazi ya kwanza hazizidi 250, ya pili hazizidi 600, ya tatu hazizidi 1,500, ya nne zaidi ya hapo. Inasaidia sana mtu anayetafuta haraka. Lakini hesabu ya maneno haisafiri vizuri kuja kwenye Kiswahili. Sisi tunabandika kila kitu kwenye kitenzi. "Hawajamwona" kwetu ni neno moja, Mwingereza analisema kwa maneno matano. Hadithi iliyotoka Kiingereza na maneno 600 ikifika kwetu inaweza kuonekana imepungua, ukadhani ni fupi, lakini mdomo haujapunguziwa silabi. Kwa hiyo mimi maneno nayahesabu kwa kulinganisha vitabu vya Kiswahili kwa Kiswahili tu. Kwa jambo lingine lolote natumia saa ya simu na ukurasa mmoja wa katikati.

Hizo za mtandaoni zina shida ndogo nyingine, nayo ni simu yenyewe. Watoto watatu hawawezi kuona picha ya upana wa kiganja kwa wakati mmoja, na watagombania. Wifi huchapisha chache stesheneri, karatasi ikikunjwa katikati na kubanwa pini. Picha zinatoka nyeusi na nyeupe, yule wa miaka saba anazipaka rangi mchana, na kwa kweli ndivyo vitabu vilivyochakaa kuliko vyote pale nyumbani.

Nikija kwenye lugha nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo vitabu vingi vizuri vinapoharibika.

Fungua hadithi yoyote ya Kiswahili na utafute "ka". Mtu anayesimulia kwa Kiswahili husema: binti alitoka, akachukua ndoo, akashika njia, akamkuta bibi, akamsalimia. Ile "li" ya mwanzo inafungua mlango, "ka" zinaingia moja baada ya nyingine na kuvuta msikilizaji. Vitabu vingi vilivyotafsiriwa na mtu aliyekuwa na haraka vinasema: binti alitoka. Alichukua ndoo. Alishika njia. Alimkuta bibi. Kila sentensi inaanza safari upya. Kwa macho hutaona kosa, sarufi iko sawa. Kwa mdomo utachoka ukurasa wa tatu na hutajua kwa nini, na watoto watachoka kabla yako. Kitabu cha wifi kilikuwa na ugonjwa huo. Nilimwonyesha, akachukua penseli akawa anabadilisha: "alichukua" ikawa "akachukua", sentensi tatu fupi zikawa moja. Sekunde 50 zikashuka zikawa 41 kwa ukurasa uleule, na hadithi ikaanza kutembea.

Jambo la pili ninalolitafuta ni zile sauti ambazo Kiswahili kimezijaza: giza totoro, kimya jii, nyeupe pee, ndoo inaanguka kisimani chubwi. Kwa mtoto wa miaka miwili hizo ndizo hadithi yenyewe. Yeye hafuatilii binti anakwenda wapi, anasubiri chubwi. Kitabu cha umri wake kikiwa na neno la namna hiyo linalorudi kila ukurasa wa pili, hata kama hadithi ni nyepesi, kichukue. Na kwa wa minne, tafuta wimbo au kibwagizo, kitu anachoweza kukamata mara ya pili na kukiitikia mara ya tatu. Ngano zetu zimekuwa na wimbo katikati tangu zamani kwa sababu hiyohiyo, msikilizaji apewe kazi. Bahati mbaya wachapishaji wengine huukata wimbo ili kitabu kitoshe kurasa 16 au 24. Vitabu vya kubanwa pini lazima viende kwa nne-nne, na ukikosa nafasi kitu cha kwanza kuondoka huwa ni kile kinachoonekana kurudiwa.

Halafu kuna Kiswahili cha wapi. African Storybook ilianza kujaribiwa Kenya, Uganda, Afrika Kusini na Lesotho, kwa hiyo hadithi zake nyingi za Kiswahili zina harufu ya Kenya. Nyingi ni nzuri sana. Lakini siku moja nilimsomea mtoto wa jirani kisa cha msichana aliyelala kwa nyanya yake, na mtoto akacheka hadi akashika tumbo. Kwake nyanya ni ya kachumbari. Nilipoteza dakika nzima kueleza kwamba huko nyanya ni bibi, na hadithi ilikuwa imeshapoa. Sasa napitia kwanza, nyanya nafanya bibi, matatu nafanya daladala, naendelea. Vivyo hivyo kwa hadithi za pwani. Mtoto wa Njombe anajua ukungu, viazi na baridi ya kung'ata vidole, hajui ngalawa wala kukwea mnazi. Hilo silihesabu kuwa kasoro kama picha ipo. Picha ya ngalawa inajieleza yenyewe, na mtoto anapata neno jipya bila mtu kusimamisha hadithi. Ninachokwepa ni ukurasa wenye maneno matatu au manne mageni ambayo hayamo kwenye picha. Hapo msomaji anageuka mwalimu.

Vya Kiingereza sasa, maana kila nyumba yenye mtoto wa shule ya Kiingereza ina angalau kimoja, cha mtumba au cha zawadi. Wifi anacho cha vina, cha paka na kofia na mvua, kizuri kwa macho. Alikuwa anakitafsiri papo kwa papo. Jaribu mwenyewe usikie kinachotokea: unasoma moyoni, unanyamaza, unatafuta neno, unasema nusu, unarudi. Mapigo yote ya kile kitabu yako kwenye vina vya Kiingereza, na vina havitafsiriki kitandani saa mbili usiku. Mtoto anapata Kiswahili cha kubabaika na Kiingereza hakuna. Nilimwambia achague moja. Akisome kwa Kiingereza kama kilivyo, kifupi, kilekile usiku kumi mfululizo mpaka watoto wanakiimba bila kuelewa kila neno, au akae nacho mchana mara moja, aandike Kiswahili chake kwenye vikaratasi na kuvibandika juu ya maandishi. Alichagua la kwanza. Kipimo changu hapa ni kikatili kidogo: soma ukurasa mmoja kwa sauti ukiwa peke yako, ukikwama zaidi ya mara mbili, kitabu hicho si chako, mpe baba yao au shangazi anayekiweza. Kama hakuna anayekiweza, kinangoja. Najua wazazi wanaoona aibu kusikia hili kwa sababu wanalipa ada ili mtoto ajue Kiingereza. Lakini mtoto hasikilizi kitabu, anamsikiliza mtu anayekisoma, na mtu anayekwama kila mstari anamfundisha kwamba kusoma ni kukwama.

Na pale nyumbani kuna lugha ya tatu. Mama mkwe wa wifi hutoka Tukuyu kila mara na kukaa mwezi mzima, na kwake Kinyakyusa ndicho kinachotoka chenyewe. Mtu aliwaletea kijitabu cha Kinyakyusa, wifi akampa kwa furaha, na bibi akashindwa kukisoma. Alishangaa kuliko wote, maana Biblia ya Kiswahili anaisoma bila shida. Sababu ni ndogo na haina uhusiano na umri wake. Kiswahili kina irabu tano, Kinyakyusa kina saba, na maandishi yanayotumika sasa yanaziandika mbili za ziada kwa herufi ɨ na ʉ, i na u zenye mkato katikati. Mtu aliyefundishwa kusoma kwa Kiswahili tu hajawahi kukutana nazo. Bibi alikuwa anazisoma kama herufi zilizochapwa vibaya, anaruka, anapotea.

Angeweza kuzoea kwa siku chache, na yule wa miaka saba alizoea haraka kuliko yeye. Lakini kwa kusomea watoto tulipata njia iliyo rahisi zaidi: kitabu cha picha tupu. Kuna hadithi za picha zisizo na neno hata moja, na kama hakuna, kitabu chochote chenye picha zinazofuatana kinatosha ukifunika maandishi. Bibi anafunua, anaangalia, anasimulia kwa Kinyakyusa chake, kirefu au kifupi kadiri watoto walivyochoka. Kila usiku hadithi inakuwa tofauti kidogo, na huyo binti wa kisimani siku hizi ana ndugu wawili ambao mwandishi hakuwaandika.

Mpangilio waliofikia wa usiku ni huu. Wanaanza na cha mdogo, kijitabu cha kurasa 16 chenye maneno kama 200 na chubwi nyingi, dakika tatu, tano na maswali yake. Wakubwa wanakijua lakini wanapenda kuitikia, kwa hiyo hawanung'uniki. Mdogo anaruhusiwa kushuka kitandani baada ya hapo, na hilo wifi alichelewa kulikubali, alidhani ni utovu wa adabu. Kinafuata kitabu cha wa katikati, dakika nane hivi. Binti wa kisimani amekatwa vipande viwili kwa ajili yake, kwa sekunde 41 kila ukurasa kila kipande kinafika dakika tisa, na kipande cha kwanza kinaishia pale ndoo inapozama. Yule wa saba anapata chake mwisho, wenzake wakiwa wamelala au wanasinzia, hadithi ya sura fupi fupi, sura moja tu kwa usiku. Sura za kitabu wanachosoma sasa ni za dakika 12. Nilizipima.

Bado kuna usiku unaokwenda ovyo. Umeme ukirudi ghafla televisheni ya sebuleni inajiwasha, na hakuna hadithi inayoshinda hiyo. Na wifi amechoka na kile kijitabu cha mdogo, wamekisoma tangu Juni. Juzi alijaribu kufunua kurasa mbili kwa pamoja ili aruke ile ya kisima. Mdogo, ambaye hajui kusema sentensi nzima, akaushika mkono wake, akaurudisha ukurasa, akamwangalia usoni na kusubiri chubwi yake.